Mwenzake wa Upande wa Chini

Bhoke alistaafu uafisa mifugo baada ya miaka thelathini na mmoja, na tangu siku hiyo simu yake ilishikwa na ububu. Zamani ilikuwa hailali: ng'ombe huyu amekwama kuzaa, yule amevimba tumbo, mama njoo, mama wahi. Sasa wanampigia kijana mwenye pikipiki. Mumewe Wangwe alikwisha kufa, watoto nao wako mbali, Gati yuko Geita, Sarah yuko Mwanza, na nyumba ya Nkende yenye vyumba vinne ilikuwa na mtu mmoja na redio. Majirani walimwamkia vizuri, shikamoo mama, marahaba, kisha wakapita. Salamu haikai kitini, na Bhoke alikuwa na viti sita.

Ndiyo maana Felix alipompigia kutoka Mugumu, hakumuuliza hata kama kuna posho.

Felix alifanya kazi ya utafiti wa masoko. Kampuni moja changa ilikuwa imemtuma na jambo gumu. Walikuwa wametengeneza mkanda wa kumvisha ng'ombe shingoni: akivushwa mpaka uliowekwa, simu ya mwenyewe inalia. Mkanda wa namna hiyo haukuwa umewahi kuuzwa popote, na kiwanda kilitaka kuambiwa mapema kitengeneze mingapi. Ikizidi, kampuni inakufa nayo stoo. Ikipungua, wateja watakuja, wakose, wasirudi.

"Huwezi kuangalia mauzo ya mwaka jana, maana mwaka jana haupo," Felix alisema. "Kwa hiyo tunauliza wanaojua. Mko tisa, wa Tarime na Serengeti. Kila mmoja atanitumia makisio yake ya mwaka wa kwanza pamoja na sababu. Mimi nitawarudishia majibu ya wote bila majina, kila mtu afikirie upya, atume tena. Tutaenda mizunguko mitatu, au zaidi ikibidi, mpaka namba zitulie."

"Kwa nini msituite tukae pamoja?" Bhoke aliuliza. Alishaanza kuwaza gauni la kuvaa.

"Mkikaa pamoja, mama, mkubwa atasema mia tano na wadogo wote watasema mia tano. Tafadhali usijadiliane na mtu yeyote. Mimi ndiye pekee ninayejua nani ni nani."

Bhoke alishusha pumzi. Alikuwa ameitwa kwenye kikao cha watu tisa ambacho angekaa peke yake.

Fomu ya kwanza ilikuja kwa WhatsApp. Swali lilikuwa moja: mikanda mingapi itanunuliwa mwaka wa kwanza katika wilaya hizi mbili, kwa bei ya shilingi elfu themanini na tano? Aliandika 350, na sababu akaandika kama afisa: malisho mengi hayana mtandao, na mkanda usioshika mtandao ni kamba tu.

Baada ya juma moja majibu yakarudi. Felix alikuwa amezipanga namba tisa kutoka ndogo hadi kubwa. Ile ya tano, ya katikati kabisa, ilikuwa 2,200. Nusu ya kundi iliyokaa katikati ilianzia 1,500 hadi 3,000. Wawili walikuwa chini ya hapo na wawili juu, na hao wanne waliombwa kueleza zaidi, kama wangeamua kubaki waliko.

Wawili chini. Bhoke alilisoma neno hilo mara tatu. Mmoja ni yeye. Na yule mwingine?

Namba yake hakuibadilisha. Aliandika tena habari ya mtandao, akataja na mabonde yenyewe, maana aliyatembea yote kwa miguu. Halafu, kwa sababu ilikuwa alasiri ya Jumapili na alikuwa hajasema na mtu tangu kutoka kanisani, alibonyeza maikrofoni akamtumia Felix sauti ya dakika saba.

"Mwanangu, Wangwe alipofariki, zizini nilikuta ng'ombe wanne. Lakini Wangwe alikuwa na ng'ombe kumi na wanne. Wale kumi walikuwa wamelala kwa rafiki zake, huyu wawili, yule mmoja, kama sisi Wakurya tunavyofanya, ili ugonjwa au wezi wakiingia wasikumalize. Na yeye alikuwa na wa watu zizini kwake, siku zingine. Niliwahi kumwambia aandike kwenye daftari nani ana nini. Aliona aibu. Alisema rafiki haandikwi. Basi amekufa, nimerudishiwa sita. Wanne sijui wako wapi, na waliokaa nao wanajua kuwa sijui. Wananiamkia barabarani." Akamalizia: "Hii usiiandike. Ni maneno tu ya mama mzee."

Felix alijibu kwa maandishi: Nimekuelewa mama. Pole sana. Jina na habari zako hazitatoka.

Mzunguko wa pili ulirudi siku ya Alhamisi. Namba ya katikati ilikuwa imeshuka kidogo tu, 1,900. Chini yake zilipangwa sababu, zote kwa lugha moja kavu, kama zimeandikwa na mtu mmoja. Ile ya mtandao aliitambua mara moja. Ya upande wa juu ilimshtua kwa uzito wake: wachimbaji waliotoka mikoa mingine, waliopanga Genkuru na vijiji vya karibu na mgodi, hununua ng'ombe na kuwaacha kwa wafugaji, hao wana pesa, wako mbali na mifugo yao, na hawana haya ya kumfuatilia mfugaji. Bhoke alikuna kichwa. Hoja ilikuwa ya kweli. Alishafikiria kupanda hadi mia saba.

Kisha akasoma sababu ya tatu, ya upande wa chini:

"Tusihesabu mazizi. Ng'ombe wengi hawalali kwa mwenyewe. Mlezi hatalipia mkanda wa ng'ombe asiye wake. Mwenyewe naye akimvisha ng'ombe aliyeko kwa rafiki, atakuwa amemwambia rafiki kuwa ni mwizi."

Akavua miwani, akaipangusa kwa kitenge, akaivaa tena. Kuna mtu! Kuna mtu mahali fulani, Nyamongo au Mugumu au hapo hapo Tarime mjini, aliyeona alichokiona yeye, na pengine alilipia funzo hilo kwa bei ile ile. Ile ya mwisho, ya kumwita rafiki mwizi, hata yeye hakuwa ameisema hivyo, lakini ilimkaa kifuani kama amesemewa.

Kuanzia hapo Bhoke alikuwa na mwenziwe, na nisikufiche, alifurahi kupita kiasi. Wiki nzima alimtafuta kichwani. Je, ni Batholomeo, aliyekuwa karani wa mnada? Hapana, Batholomeo hawezi kusema jambo kwa mistari minne. Je, ni mwanamke? Akapenda awe mwanamke, mjane kama yeye, mwenye duka la dawa za mifugo. Akampa na sauti. Alipokuwa akichambua mchicha alimweleza habari za wale ng'ombe wanne, na mwenziwe akamwelewa bila kuuliza kwa nini hakwenda kushtaki. Mara mbili alishika simu ampigie Batholomeo amchunguze, mara mbili akaiweka. Aliahidi kutojadiliana, na Bhoke ni mtu wa kutimiza ahadi hata pale inapomuumiza.

Lakini mia saba aliiacha. Angewezaje kusogea na kumwacha mwenzake peke yake huko chini? Fomu ya tatu aliijaza 350, na kwenye sababu akaandika: "Nakubaliana kabisa na aliyesema tusihesabu mazizi. Tuko wawili tuliofikia jambo hilo kila mtu kwa njia yake. Si la kupuuzwa."

Mzunguko wa tatu ukaporomosha namba ya katikati hadi 1,100. Kwa kuwa ilikuwa imehama sana, Felix aliongeza wa nne, na huo haukuhamisha kitu: 1,100 ikabaki 1,100, nusu ya katikati kati ya 900 na 1,500. Namba zikawa zimetulia. Felix akawashukuru wote, akafunga.

Jumatatu Bhoke alipanda gari la Mugumu.

Ofisi ya Felix ilikuwa chumba kimoja karibu na soko, chenye meza, feni na kijana mwenyewe, ambaye alisimama haraka alipomwona mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa, mwanangu, sikuja kugombana." Bhoke alikaa yeye kwanza. "Kazi imekwisha?"

"Imekwisha. Kampuni itaagiza 900, kisha waone."

"Basi nina ombi. Majina ni siri, sikatai. Lakini yupo yule aliyesema habari za mazizi. Muulize yeye. Mwambie yupo mama mmoja wa Nkende angependa kumjua. Akikataa, basi. Akikubali, mpe namba yangu." Alikuwa ameyarudia maneno hayo njia nzima, na bado yalimtoka kwa haraka kama msichana.

Felix alizima feni, akaiwasha tena.

"Mama, ile sababu ni yako."

"Yangu ni ya mtandao."

"Na ile pia. Ni ile sauti uliyonitumia. Nilitoa Wangwe, nikatoa ng'ombe kumi na wanne, nikabakiza sababu. Kazi yangu ndiyo hiyo, kuandika maneno ya kila mtu yasijulikane ni ya nani."

"Nilikwambia usiiandike."

"Nilidhani umekataza hadithi yako, sio hoja. Ingenipasa nikuulize kwanza. Nisamehe, mama."

"Na yule mwingine wa chini?"

"Hakuandika sababu yoyote. Mzunguko wa pili alipanda, akatoka huko chini."

Nje mtu alikuwa akinadi nyanya. Bhoke aliziangalia kucha zake. Kumbe alikuwa amekubaliana na nafsi yake, akajihesabu watu wawili, na kwa nguvu ya wawili hao akakataa kusogea alipopaswa kusogea. Hilo kama mtaalamu lilimwaibisha. Lakini lililomkata maini ni yule mjane wa duka la dawa, aliyekuwa na sauti yake, na ambaye sasa hakuwepo na hakuwahi kuwepo.

"Fomu ya tatu uliposema mko wawili, niliona," Felix alisema taratibu. "Sikuweza kukurekebisha. Ningekuwa nakusukuma kwenye jibu. Kwa wenzako sikuipeleka sentensi hiyo."

"Ulifanya sawa." Alisema kweli, na machozi yakamtoka vile vile.

Felix akamsogezea maji. "Mama, namba ilishuka kutoka 1,900 hadi 1,100. Unajua ni kwa nini? Watu watano walihama baada ya kusoma ile sababu yako. Watano. Waliandika kuwa ndiyo iliyowahamisha, na ile ya wachimbaji ndiyo iliyowazuia wasishuke zaidi. Mmoja aliandika kuwa imemkumbusha jambo la nyumbani kwao."

"Nani?"

"Siwezi, mama."

"Jambo gani?"

"Hata hilo siwezi."

Bhoke alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akasimama, akaurekebisha mkoba begani. Mlangoni aligeuka.

"Wasalimie hao watano."

"Nitawaambia nani anawasalimia? Sina ruhusa ya kukutaja."

"Usinitaje," Bhoke alisema. "Wasalimie hivyo hivyo."