Nthenya ni Mke wa Nani?

Barua ya Mutie ilinipandisha hasira. Mwaka huo wa themanini na sita nilikuwa karani wa ofisi ya wafanyikazi, kiwanda cha pamba huko Makueni. Mutie, fundi wa mashine, aliomba mkewe mpya na mtoto waandikishwe kwa matibabu ya kampuni, na athibitishiwe tarehe za kuanza kutibiwa. Kumbe kwa barua ya chifu aliyoiambatisha mume ni Kiilu, kaka yake. Na Kiilu alikufa kwa kifua kabla hajaoa!

"Mutie, unanichezea? Maiti anaoa?"

"Dada Ndila, wewe si Mkamba? Mama alimwolea Kiilu huyu Nthenya, jina lisipotee. Mimi nimemzalia mtoto tu."

Desturi naijua. Lakini kampuni haiijui. "Tunatibu mke na mtoto wa mfanyikazi aliye hai. Kama ni wako, sema ni wako. Kama ni wa Kiilu, chukua karatasi zako."

Mtoto alikuwa na tundu moyoni, na daktari alitaka apasuliwe Nairobi. Mama yao alikuwa amemwonya: ukichukua nyumba ya marehemu, mke na mtoto wake, atakuja kuidai.

"Lakini mtoto akifa, atadai nini?" akasema.

Basi wazee wakaketi, mbuzi akachinjwa, Nthenya akawa wa Mutie. Akaleta barua mpya ya chifu na cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye jina lake kama baba. Meneja akatia sahihi: mke tangu siku ya mbuzi, mtoto tangu kuzaliwa. Woi, nilifurahi!

Mtoto alipasuliwa akapona, ila dawa na kliniki zikaendelea. Jumamosi moja nikaenda kwao Ikutha kumwona. Jua lilikuwa utosini. Nthenya na mama mkwe walikuwa shambani wakivuna pojo, nawaona kabisa. Mutie alikuwa kwenye kigoda nje ya mlango, godoro lake limekunjwa ukutani.

"Mbona unalala nje, jamani?"

Ndani mtu alikohoa, kikohozi kizito cha mwanamume. Kisha akaanza kubembeleza mtoto, polepole. Nywele zilinisimama.

"Una mgeni?"

"Mgeni ni mimi," Mutie akasema.

Nilitaka kukimbia.

"Dada, andika nifutwe kwenye karatasi zao. Uwarudishe kwa Kiilu."

"Nikikufuta, dawa zinakwisha siku hiyo hiyo. Kiilu hana namba ya kazi." Niliona uchungu kusema hivyo, lakini ndio ukweli.

Ndani mtoto alicheka, kicheko cha mtoto aliyepona. Mutie akasikiliza, machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

"Basi niache niwe mume kwa karatasi tu," akasema. Akainuka, akasogeza kigoda mbali na mlango, ili mwenye nyumba apate nafasi ya kutoka.