Kishika Uchumba cha Msimu Ujao

Shangazi yangu hajawahi kumdai mgeni kabla hajala. Hiyo ndiyo dini yake ya biashara, na ilikaribia kutufukuzisha kwetu. Kampuni moja ya utalii ya ng'ambo imekuwa ikileta makundi yake kwenye nyumba yetu ya wageni tangu sijaanza kazi. Watu wanakuja, wanalala, wanakula, wanapungia mkono, kisha kampuni inalipa ikikumbuka. Na kukumbuka kwao ni kwa taratibu, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Mwaka huu nilisema basi. Mimi ndiye ninayekaa mapokezi, mimi ndiye ninayemkwepa muuza gesi. Nikamwambia Shangazi kwamba msimu ujao kampuni itatoa malipo ya awali, la sivyo vyumba tutawapa wengine.

Alikuwa anakunja mashuka. Hakuinua hata uso.

"Mgeni hajafika, unamdai sahani?"

"Shangazi, hata mchumba hutolewa kitu. Vyumba vyetu vimeposwa miaka yote hii bila hata leso."

Hapo akacheka, nikajua nimeshinda. Tangu siku ile hakuyaita malipo ya awali tena. Aliita kishika uchumba.

Tatizo halikuwa Shangazi peke yake. Nyumba ni ya urithi, nusu yake, nusu ya mdogo wake, ambaye kwangu mimi ni Baba Mdogo. Baba Mdogo alikuwa amepata chuo cha uuguzi kinachotaka kupanga nyumba nzima kwa wanafunzi. Wanafunzi, alisema, hawaulizi maji ya moto wala hawataki mayai yaliyokaangwa upande mmoja. Alikuwa na mkataba mfukoni na kalamu ya kuusainia. Shangazi, ambaye hapendi kugombana na ndugu, akamwahidi kwamba kishika uchumba kisipofika hadi Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana, atasaini. Yeye angehamia kwa mwanawe, akaangalie televisheni. Mimi ningehamia kusikojulikana.

Kwa hiyo ile barua pepe niliiandika kwa makini kuliko barua yoyote maishani mwangu. Nilithibitisha bei za mkataba za msimu ujao kama tulivyokubaliana: kwa mtu mmoja, kwa usiku mmoja, wakiwa wawili chumbani, pamoja na kifungua kinywa na kodi zote. Nikaweka nyongeza ya anayelala peke yake, na punguzo la watoto. Nikakumbusha kwamba hizo ni bei za kampuni, wasizionyeshe wateja wao. Nikaandika kwamba vyumba tulivyowatengea vitabaki vyao mradi asilimia thelathini ya malipo yote ifike kabla ya Ijumaa hiyo, na salio lilipwe mwezi mmoja kabla ya kila kundi kuwasili. Nikaambatanisha jedwali la bei na ankara. Nilijiona mtu.

Kisha, chini kabisa, nikaongeza mistari mitatu, yote ya kweli. Kwamba akaunti yetu imebadilika, kwa kuwa benki ya zamani ilifunga tawi la hapa. Kwamba wasipige simu ya ofisini, kwa kuwa wachimba barabara walikata waya. Na kwamba tafadhali wafanye haraka.

Msomaji, isome tena hiyo mistari mitatu. Akaunti mpya, usipige simu, fanya haraka. Hata mimi ningejiitia polisi.

Ikapita wiki nzima kimya. Jumatatu ya wiki ya mwisho ndipo lilipokuja jibu, kutoka kwa mama mmoja wa idara yao ya hesabu. Alikuwa na adabu ya mtu anayekushuku. Aliandika kwamba, kwa utaratibu wao, akaunti ikibadilika lazima wathibitishe kwa simu, tena kwa namba iliyo kwenye mkataba wa zamani, si namba yoyote iliyotajwa kwenye barua pepe. Walikuwa wamepiga mara mbili. "Mtu aliyepokea hatukuelewa maneno yake," aliandika, "lakini tulielewa sauti yake." Malipo wameyasimamisha.

Namba iliyo kwenye mkataba wa zamani ni ya simu ya Shangazi. Jina pia ni lake. Niliwahi kumwomba tuweke langu akanijibu kwamba mkataba si kadi ya harusi, kila mtu kuandikwa.

Nilimkuta jikoni anachambua mchele.

"Shangazi, kuna watu wamekupigia kutoka ng'ambo?"

"Matapeli," alisema. "Wa kwanza mwanamke, wa pili yule yule. Nikasikia anataja benki. Nikamfanya ulivyonifundisha."

Nilikaa juu ya gunia. Mwaka uliopita kijana mmoja alimpigia Shangazi akijifanya wa benki, ikabaki kidogo tu amkaushe akaunti. Ni mimi niliyemkalisha kwenye kiti kile kile alichokalia sasa nikamwambia: mtu usiyemjua akikupigia akataja benki, kata. Akirudia, mtukane kidogo kisha ukate. Katika mafunzo yote niliyowahi kutoa kazini, hilo pekee ndilo lililoshikwa.

"Ulimtukana kidogo?" niliuliza.

"Alirudia," alisema Shangazi.

Niliandika kuomba radhi, nikawaomba wapige tena, nikaahidi kwamba mpokeaji atakuwa mtulivu. Mama wa hesabu akakubali: Jumanne, saa nne asubuhi, kwa namba ile ile. Alitaka kusikia jambo moja tu, tarakimu za mwisho za akaunti mpya, kutoka kinywani mwa mwenye jina lililo kwenye mkataba.

"Sitaji," alisema Shangazi.

"Shangazi, ni wao."

"Unajuaje?"

Nilijuaje? Kwa barua pepe. Na wao walikuwa na barua pepe yangu, na hawakuiamini. Nilimwangalia Shangazi na mchele wake nikaona kwamba yeye na yule mama wa hesabu ni mapacha waliozaliwa mbali mbali.

Jumanne simu ililia tukiwa mapokezi, nikaiweka mezani na kipaza sauti kimewashwa. Baba Mdogo naye alikuwepo, eti amepita tu kusalimia, na bahasha ya mkataba wa chuo mapajani. Mama wa hesabu alitoa salamu zake, akaomba tarakimu. Nikatafsiri.

"Mwambie yeye aanze," alisema Shangazi. "Yeye ndiye aliyenipigia. Mpiga hodi ndiye anayejitaja."

Nikatafsiri kwa kulainisha. Mama wa hesabu akajibu kwamba utaratibu wao hauna kipengele hicho. Baba Mdogo alitoa kalamu mfukoni akaanza kuibofya, na nilitamani kuimeza.

"Muulize hivi," alisema Shangazi. "Kama kweli ni wa kampuni ile, aseme nani alivunja kitanda cha namba saba."

Sikujua habari za kitanda chochote. Nilitafsiri tu, nikiamini kwamba ndiyo mwisho wa ajira yangu. Kule ng'ambo tukasikia kiti kikisogezwa, na mbali kidogo na simu mwanaume akakohoa.

Kikohozi kile nilikijua. Ni cha Bwana Godoro, mtu wa kampuni anayekuja kila mwaka kukagua vyumba na kupatana bei. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakagui kitanda kwa mkono kama watu, hupanda akaruka.

Akaja kwenye simu, sauti ndogo. "Mama," alisema, "ulijua?"

"Nilijua siku ile ile," alisema Shangazi kwa maneno yake machache ya lugha yao, yale anayokaribishia wageni. "Wewe weka begi chini ya kitanda. Mimi toa begi. Kitanda lala chini."

Kumbe Bwana Godoro alikuwa amekivunja, akakiegemeza kwa begi lake, kisha akasahau kwamba mtu huondoka na begi lake. Shangazi alimwita fundi, akamlipa, akanyamaza. Misimu mitatu mtu huyo amekuwa akimwomba punguzo, na Shangazi akimmiminia chai bila kumtajia kitanda.

Bwana Godoro alicheka mpaka akakohoa tena. Tulimsikia akimwambia mwenzake kwamba ndiye huyu, hakuna mwingine duniani. Hapo Shangazi akavaa miwani, akachukua karatasi ya benki, akasoma tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu anayekabidhi mtoto wa kike. Mama wa hesabu akasema malipo yanatoka siku ile ile, ila kutoka benki ya ng'ambo huchukua siku chache kufika.

"Siku chache," alisema Baba Mdogo, na kalamu akairudisha mfukoni bila haraka.

Jumatano hapakuwa na kitu. Alhamisi nilikwenda benki, karani akaniambia bado. Ijumaa nilikaa mapokezi tangu asubuhi nikiingoja simu ya Shangazi, ambayo ndiyo iliyoandikishwa benki kupokea taarifa, lakini mwenyewe alikuwa nayo sokoni. Alirudi saa tano na nusu na kapu la nyanya. Baba Mdogo alikuwa ameshafika, na mkataba wa chuo uko mezani, umenyooshwa.

"Hakuna kilichoingia?" nilimuuliza Shangazi.

"Hakuna."

Niliipenda ile nyumba, na sikuwahi kusema. Niliipenda hata ngazi yake inayolia.

Shangazi akaketi, akaomba kalamu. Alikuwa mtu wa ahadi. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hii dunia imejaa wezi," alisema akitafuta mahali pa kusaini. "Leo tena wameniandikia. Eti nimepokea pesa. Jina lenyewe silijui. Nimefuta."

Nilimnyang'anya kalamu. Sijawahi kumnyang'anya Shangazi kitu tangu nizaliwe, na sidhani kama nitarudia. Benki ilikuwa mpya, jina lake kwenye simu lilikuwa jipya, na mwanafunzi wangu bora alikuwa amefaulu mtihani wote. Nilipigia benki, nikampa simu aongee mwenyewe. Akaitikia "ndiyo" mara kadhaa.

"Anasema imezidi," alisema hatimaye. "Kuna pesa juu ya ankara. Wameandika: malipo ya awali ya msimu, na kitanda."

Saa ya ukutani ilikuwa bado haijafika sita. Baba Mdogo aliikunja karatasi yake vizuri, akairudisha kwenye bahasha, akaambiwa chai iko jikoni. Alikwenda kuinywa, ni ndugu, si adui.

Shangazi alibaki amekaa, simu mkononi, akiitazama kana kwamba imemjibu vibaya. Macho yalikuwa na maji, na hakuyaficha.

"Mkataba mpya wa kampuni umeshauandika?" aliuliza.

"Bado jina na namba ya simu tu."

"Weka vyako," alisema, akainua kapu lake la nyanya. "Mimi nimechoka kutukana watu waaminifu."