Stopu Niliyoisogeza

Kila Jumamosi sisi watatu tunaofanya biashara ya dhahabu mtandaoni hukutana chumba cha nyuma cha duka la mwenzetu Fundi Simu, kila mtu akisoma tathmini yake ya wiki. Mimi wananiita Redio. Kazi yangu isiyo rasmi ni kuwacheka wenzangu. Juzijuzi nilimcheka Mpole, wa tatu wetu, mpaka chai ikampoa, kisa kasogeza stopu, lile agizo linalofunga biashara lenyewe bei ikifika kwenye hasara uliyoikubali tangu mwanzo.

Safari hii wifi yangu mshonaji alinifuata. Mkobani alikuwa na pesa za cherehani ya pili, anataka nimzungushie kwenye dhahabu.

"Nisikie kwanza unavyofanya kazi, wifi," akasema, akavuta stuli.

Nikasoma karatasi yangu: "Jumatano nilinunua dhahabu. Bei ikashuka, stopu ikanikata. Nimekubali."

Uongo haukuwamo hata neno moja. Fundi akaridhika. "Umeona, mama? Mtu akikatwa, anakubali. Mpole, mwige shoga yako."

"Namwiga," Mpole akajibu, bila kinyongo. "Wiki hii stopu yangu sikuigusa. Niliogopa Redio atanitangaza."

Wakacheka. Mimi uso uliniwaka. Heri angenitukana. Wifi naye kashaanza kufungua zipu ya mkoba.

"Subiri," nikasema. "Stopu iliyonikata siyo niliyoiweka."

Fundi akaacha kukoroga chai.

Nikaeleza, macho sakafuni. Jumatano sebule yangu ilijaa, majirani kwa mashemeji, nami nilishawatangazia kwamba dhahabu inapanda. Simu ikazungushwa mkono kwa mkono kama picha za harusi. Bei ikashuka, ikakaribia stopu. Ningekatwaje mbele za watu? Nikaishusha stopu chini. Bei ikaifuata. Nikaishusha tena. Nilipanga kupoteza asilimia moja ya akaunti; nikapoteza nne.

"Si nilikuwepo?" wifi akasema taratibu. "Kila ukibonyeza tulikupigia makofi."

"Ndiyo."

"Kumbe tulikuwa tunashangilia hasara."

Nilingoja Mpole anicheke, maana ilikuwa haki yake kabisa. Akanisogezea kalamu tu. "Andika upya. Halafu unaijua sheria: ukisogeza stopu, wiki mbili akaunti ya majaribio, pesa za kuchezea."

"Na wageni?" Fundi akauliza.

"Nitawapokea," nikasema. "Simu itakaa chumbani."

"Na mdomo?"

Nikachukua kalamu. Wifi akafunga zipu, akaja kusimama nyuma ya bega langu. Nikaandika kwamba stopu iliguswa. Akaweka kidole juu ya neno hilo, kidole chenye alama za sindano.

"Nani aliigusa?"

Nikakata mstari. Nikaandika: niliisogeza mimi, mara mbili, kwa kuwaonea watu aibu. Akasoma hadi mwisho, akaning'iniza mkoba begani, akaenda kununua cherehani yake.