Safu ya Kufuta

Shule yetu ikiteuliwa kuwa kituo cha mtihani wa bodi, Mkuu wa shule, Bwana Dwivedi, hushikwa na homa ya chaki. Mwaka huu haradali ilikuwa bado na maua mashambani alipoingia chumba cha walimu, akafuta ratiba yote, akachora safu tatu ubaoni. Ya kwanza akaiandika AHIRISHA. Ya pili, MPE MWINGINE. Ya tatu, FUTA. Yasiyoingia humo ndiyo atakayoyafanya yeye mwenyewe, na hayo sijawahi kuyaona.

Mimi ni tarishi hapo. Jina langu Ramdhari. Niliishia darasa la tano, lakini ubao ule nausoma vizuri, maana mimi ndiye ninayeuosha.

Siku hiyo nilikuwa nawamiminia chai. Shukla, karani, alishika rundo la barua kutoka wilayani, anazisoma kwa sauti kama mnadi wa sokoni.

"Kamera za vyumba vya mtihani. Wanataka ziwe na sauti pia."

"Hiyo haiahirishiki," Mkuu akasema. "Kikosi cha ukaguzi kikikuta kamera imekufa, nimekufa mimi. Endelea."

"Kuhakiki daftari la wapiga kura, nyumba kwa nyumba."

Madamu Rachna, mwalimu wa sayansi, akaweka kikombe chini. "Mkuu, mimi nina kata nzima. Na alama za majaribio ya maabara sijaziingiza hata moja. Nimeambiwa pia nisimamie matone ya polio. Nigawanyike mara ngapi?"

"Alama za maabara ingiza leo, zisipoingia mtoto anahesabika hakuja. Fomu za wapiga kura, mpe mwingine."

"Nani?"

Wote wakaniangalia. Shukla hakugeuza hata shingo, macho tu yalikuja.

"Ramdhari atazigawa jioni akienda kwao," Mkuu akasema, akaandika. Safu ya pili ilikuwa imejaa tayari: kubandika namba za viti, kuhamisha madawati, kuvuta maji, mashada ya maua ya mkaguzi, kupeleka barua wilayani. Hakuna hata moja lililoandikwa jina langu. Walisema *mwingine*. Mwingine ni mimi.

"Choo cha wasichana, mlango," Shukla akasoma.

"Ahirisha."

"Kilikuwa kwenye ahirisha mwaka jana pia," Madamu Rachna akasema.

"Basi kimezoea."

Wakacheka. Nikawaongezea chai.

"Picha za siku ya yoga, wilaya inazidai."

"Hizo leo! Afisa mwenyewe amepiga simu. Zipelekwe kwa barua rasmi, yenye namba."

"Kuingiza barua zinazotoka kwenye daftari langu na kuzipa namba. Nimelemewa, Mkuu. Mlima."

"Ya yoga ipe namba. Nyingine ahirisha mpaka mtihani upite."

Kisha Shukla akanyanyua karatasi moja nyembamba. "Masahihisho ya watahiniwa. Watatu tu. Mmoja jina la babaye, mmoja tarehe ya kuzaliwa, mmoja somo."

"Watatu kati ya shule nzima?" Mkuu alishaelekeza chaki kwenye safu ya tatu. "Futa."

Yule wa somo ni binti yangu, Munesh.

Kwetu msichana wa darasa la kumi anaruhusiwa kuchagua: hesabu, au sayansi kimu, yaani kupika, kushona na kulea. Munesh alichagua hesabu. Alikaa mwaka mzima na wavulana, dawati la nyuma, peke yake. Anataka chuo cha ufundi, awe fundi umeme, na chuo hakimpokei asiye na hesabu. Lakini Shukla anapojaza fomu za bodi hajazi mtu mmoja mmoja. Anaandika sayansi kimu kwa msichana wa kwanza, kisha anaishusha hiyo hiyo mpaka wa mwisho. Ndivyo alivyofanya hata karani aliyemtangulia. Kadi ya mtihani ilipotoka, hesabu haikuwemo.

Nikaweka birika chini. "Mkuu, samahani. Huyo wa somo ni wangu."

Shukla akacheka puani. "Ramdhari, unalia nini? Nimemsaidia. Hesabu ataanguka. Sayansi kimu ni dengu na chapati, na mama yake hayupo, si binti ndiye anayekupikia? Mtihani wake anaufanya kila siku."

"Hapiki vizuri," nikasema. "Ana akili."

Madamu Rachna akatazama kikombe chake. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba barua ya Mkuu yenye sahihi na muhuri ikifika wilayani kabla ya kufunga ofisi siku ile, ingepelekwa mkoani na somo lingebadilishwa. Aliniambia kwenye veranda, si mbele ya Mkuu.

Mtu wa namna ya Mkuu namfahamu. Mke wangu Phoolkali alipoanza kutapika damu, daktari wa zahanati alikuwa na kampeni ya chanjo, akatwambia tumrudishe kampeni ikiisha. Kampeni ilikwenda vizuri sana. Walipewa vyeti.

"Barua nimekuja nayo," nikasema. "Munesh ameiandika mwenyewe. Inataka sahihi tu."

Mkuu akaisoma, akatikisa kichwa kwa mshangao, kwa sababu haikuwa na kosa. "Sawa. Natia sahihi. Lakini sikutumi kwa hiyo, unanielewa? Unakwenda na picha za yoga, hiyo nayo unaibeba. Na kazi zako zote za safu ya pili nizikute zimekwisha. Kesho asubuhi kikosi kinakuja."

Akatia sahihi, akapiga muhuri. Nikatoka nje na bahasha mbili.

Sasa na mimi nikawa na ubao wangu, kichwani. Basi la wilayani hupita mchana, na kazi zile hazimalizwi na watu wanne. Maji ya kunywa sikuweza kuacha, watoto wangekauka. Fomu za wapiga kura niliziahirisha, kura haimwagiki. Mashada ya maua niliyafuta, mkaguzi hafi kwa kukosa maua. Namba za viti zikabaki, na mimi sina tarishi wangu.

Munesh alikuwa nyuma ya tangi la maji, amekaa juu ya tofali na kitabu cha hesabu magotini. Alikuwa amejifunga shali ya mama yake.

"Mwanangu, zibandike hizi kwenye madawati. Mimi nawahi basi."

"Zote, baba? Nimebakiza pembetatu."

"Ni kwa ajili ya hizo pembetatu ninakwenda."

Akachukua gundi. "Basi nitabandika huku nazikariri. Dawati nalo lina pembe."

Wilayani nilimkuta karani nyuma ya kidirisha, anakula sambusa. Akapokea bahasha ya yoga, akaifungua, akatabasamu, akagonga muhuri wa kupokelewa. Akafungua ya pili. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma.

"Namba iko wapi?"

"Namba gani, bwana?"

"Namba ya barua. Ya daftari la shule. Kila barua inayotoka ina namba na tarehe, la sivyo haikutoka."

"Imetoka, bwana. Hii hapa. Sahihi ya Mkuu, muhuri wa shule."

"Mzee, mimi naona sahihi. Lakini kesho mkoa wakiniuliza imetoka kwa namba gani, niwaambie imetoka mfukoni mwa tarishi? Hii nyingine mbona inayo?"

"Hiyo ni ya yoga."

"Unaona sasa? Shule yenu inajua utaratibu ikitaka."

Nikamwomba ampigie Shukla simu. Alipiga, nisimsingizie. Shukla hakupokea, alikuwa juu ya ngazi anafunga kamera. Akapiga tena. Nikamwambia aandike namba yoyote. Akanitazama kama nimemwambia aibe.

"Unanifundisha kughushi? Nenda ukaipatie namba, urudi nayo."

"Basi la kurudi likifika, mtakuwa mmefunga."

"Basi hilo si langu," akasema, akafuta mafuta ya sambusa kwa kipande cha gazeti.

Nilikaa kwenye ngazi za ofisi ile mpaka mlinzi akaja na kufuli. Barua nilikuwa nimeikunja ndani ya shati, nikaona muhuri umeanza kulowa jasho, nikaitoa nikaishika mkononi. Ilikuwa barua nzuri. Munesh ana mwandiko mzuri.

Kesho yake kikosi kilikuja. Kamera zilikuwa zinaona na kusikia. Mkuu alinikaripia mbele yao kwa ajili ya maua, na mkaguzi akasema haidhuru. Nilimfuata Shukla, nikamwambia habari ya namba.

"Aa! Hiyo?" Akajipiga paji la uso, kwa upole, asijiumize. "Lakini ilikuwa kwenye ahirisha, Ramdhari. Wewe si ulikuwepo?"

Siku ya hesabu, Munesh alikuja mpaka mlango wa chumba. Msimamizi akapitisha kidole kwenye orodha, akapitisha tena. Namba yake haikuwemo. Madawati yote yalikuwa na namba alizobandika yeye kwa mkono wake, yake haikuwa hata moja. Akasimama pembeni na rula na bikari, mpaka kengele ikalia. Kisha akaenda nyuma ya tangi akaifanya karatasi ya hesabu ya mwaka uliopita yote, juu ya goti, kwa muda uleule. Mimi nilikuwa nagawa maji ndani. Nilimwona kwa dirisha kila nilipopita.

Siku ya sayansi kimu alikaa. Hakuwa amekifungua kitabu chake. Jioni, akikanda unga, nilimuuliza wameulizwa nini.

"Kuna swali waliuliza mama wa nyumba akizidiwa na kazi nyingi azigawe vipi. Ipi aifanye kwanza, ipi aiahirishe, ipi ampe mwingine, ipi aiache."

"Ukaandikaje?"

"Nikaandika ya Mkuu, baba. Kama ulivyonisimulia ya ubaoni. Kwanza anayoulizwa na mkubwa wake. Anampa mwingine yule asiyeweza kukataa. Anaahirisha ya wanawake. Anafuta ya wachache." Akapiga donge la unga. "Nikaongeza mchoro. Safu tatu."

Matokeo yalipotoka, sayansi kimu alikuwa amepata alama za juu kuliko msichana yeyote wa shule. Chuo cha ufundi kilirudisha fomu yake bila kuisoma zaidi ya mstari wa masomo. Mkuu alipewa shali ya heshima wilayani kwa kituo kilichoendeshwa bila dosari.

Jana aliniita chumba cha walimu. Ubao umerudishiwa ratiba, safu zimekwenda. Mezani palikuwa na picha ya Munesh kwenye fremu, imekuzwa, chini yake imeandikwa FAHARI YA SHULE YETU, SAYANSI KIMU.

"Umeona, Ramdhari?" Mkuu akasema. "Ulikuwa unalia bure. Mwite binti aje apigwe picha na mimi."

"Anapika, Mkuu."

"Haya, basi wewe itundike. Pale juu ya ubao, wakaguzi wakiingia waione."

Shukla akanipa nyundo.