Jumlisha Mipaka Kwanza

Darasa zima lilimwita mwalimu wao wa hesabu Mzee Mipaka. Yeye mwenyewe alilijua hilo jina na hakuwahi kununa. Alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka watoto wakaliota usiku: jumlisha mipaka kwanza. Ukiletewa integrali, ile hesabu ya eneo chini ya mstari wa grafu, yenye sura ya kutisha, usiivamie. Chukua mpaka wa chini na mpaka wa juu, jumlisha, halafu kila penye x weka hiyo jumla toa x. Jibu halibadiliki, kwa sababu umegeuza tu upande wa kutembelea, kama mtu anayeanza kuhesabu madirisha kutoka mwisho wa ukumbi.

Wasioelewa aliwakatia ukanda wa karatasi. Mpaka mmoja ncha hii, mwingine ncha ile, kunja zikutane. "Huo mkunjo ndio kioo," alisema. "Kioo kinakaa katikati ya mipaka yako, si katikati ya mipaka ya jirani."

Binti yake alikaa dawati la mbele darasani humo humo, mwaka wa mwisho. Wenzake walimwita Mipaka Mdogo. Na yeye ndiye aliyeanza kuona. Kwanza funguo ndani ya friji. Halafu baba kumuuliza mama swali lile lile mara tatu kabla chai haijapoa. Halafu ubaoni: alama ya kutoa imepotea, mstari umerukwa, naye anaendelea tu huku chaki inamvunjikia mkononi.

Mkuu wa shule hakuwa kipofu. Akatangaza kwamba Jumanne mkaguzi atakuja kumsikiliza Mzee Mipaka akifundisha. Akionekana hawezi, atahamishiwa maktaba kupanga vitabu, na darasa atapewa mtu mwingine. Miaka ishirini na tisa ya chaki, iamuliwe kwa vipindi viwili.

Jumatatu, mapumziko, binti akawakusanya wenzake nyuma ya maabara. Hakuzunguka. Aliwaambia kama kesho mzee akiteleza, mtu yeyote asinyooshe mkono. Andikeni alichoandika, daftari tutarekebisha baadaye. Yule mvulana mropokaji waliyemwita Profesa akauliza, je, akiandika mbili na mbili ni saba?

"Basi wewe andika saba na ufunge mdomo," binti alimjibu. Wakacheka, wakakubali. Walimpenda yule mzee, ukweli ndio huo.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mnene, mpole, na kalamu mbili nyweleni. Akakaa nyuma. Mzee Mipaka alianza vizuri kuliko walivyotegemea. Aliandika integrali kuanzia sifuri mpaka nusu pai: juu saini ya x, chini saini jumlisha kosaini. Akajumlisha mipaka, akapata nusu pai. Akaweka nusu pai toa x; saini ikawa kosaini, kosaini ikawa saini, chini pakabaki vile vile. Akazijumlisha integrali mbili. Juu na chini pakalingana, ikabaki moja tupu, na integrali ya moja ni urefu wa njia tu, yaani nusu pai. Hiyo ni mara mbili ya jibu. Gawa kwa mbili: robo ya pai. Alikuwa anang'aa. Binti akaanza kupumua.

Akafuta, akaandika nyingine. Ilikuwa ile anayoipenda, juu na chini kama ya kwanza lakini ya kuanzia sudusi ya pai mpaka theluthi ya pai, ambayo mipaka yake ikijumlishwa nayo inafika nusu pai. Ila mkono uliandika sifuri chini badala ya sudusi. Sifuri na theluthi. Jumla yake ni theluthi, wala haina habari na nusu pai.

Hakujumlisha. Yeye, baba wa neno lile, alirukia moja kwa moja kwenye nusu pai toa x. Saini ikawa kosaini kwa mazoea, mipaka akaiacha ilivyo, akajumlisha, ikabaki moja, akapata theluthi, akagawa kwa mbili. Sudusi ya pai. Akaipigia mstari chini mara mbili.

Binti aliona pale pale. Jibu lile lilitaka wastani wa mstari wa grafu uwe nusu kamili, na mstari huo kuanzia sifuri mpaka robo ya pai uko chini ya nusu. Unaivuka kidogo tu huko mwishoni, na haitoshi kufidia. Mkunjo ulitakiwa uwe kwenye sudusi, naye kaukunja kwenye robo, nusu ya ile nusu pai. Profesa akamgeukia kwa jicho la kuuliza. Binti akatikisa kichwa. Kalamu thelathini na moja zikaandika sudusi ya pai.

Kengele ilipolia, mkaguzi aliomba daftari sita bila kuchagua. Hawakuwa wamepanga lolote kuhusu hilo.

Saa sita binti alibisha ofisini. Mkaguzi alikuwa na zile daftari sita mezani, zote zimefunguliwa ukurasa mmoja.

"Mwalimu kuteleza ubaoni si kitu, mwanangu," alisema. "Hata mimi nateleza. Lakini darasa lililofundishwa lingenyoosha mkono. Hapa hakuna hata mmoja aliyeona."

"Tuliona, mama. Wote tuliona. Mimi ndiye niliyewakataza."

Mkaguzi alivua miwani, akaiweka juu ya daftari.

"Tangu lini mnamlinda?"

Binti angeweza kudanganya. Akasema tangu muhula uliopita.

"Kama hamkuona, hakuwafundisha. Kama mliona mkanyamaza, basi ni mgonjwa, na mmejua muda wote huo. Niambie wewe niandike lipi."

Binti alitoka, akasimama kwenye veranda akiutazama ukuta. Kama mkono mmoja tu ungenyooka, mzee angegeuka, angecheka, angesema haya, nani kasahau neno langu, na kosa lingekuwa sehemu ya somo. Wao wakambebea kosa kwa mikono yote, likamwangukia.

Barua ilitoka Ijumaa: kuanzia Jumatatu, maktaba. Baba aliisoma mlangoni, akaikunja, akaitia mfuko wa koti, akala chakula chake.

Jumamosi mchana alikaa sebuleni na daftari la binti yake, kalamu nyekundu mkononi, kama kila wiki. Alifungua, akafunua, akakwama kwenye ukurasa wa Jumanne. Uso ukakunjamana.

"Hiki nini? Sifuri na theluthi, halafu unaweka nusu pai? Nani kakufundisha upuuzi huu?"

Mama alikuwa jikoni, akaacha kusugua sufuria.

"Nilikosea mwenyewe, baba," binti akasema. "Sikutulia."

"Hukutulia. Mtoto wangu mimi." Akachora mkasi mrefu mwekundu wa kosa juu ya ukurasa. Halafu, kwa vile hasira yake haikuwahi kudumu, akachana ukanda pembeni mwa gazeti, akaandika sifuri ncha hii, theluthi ncha ile, akaukunja taratibu na kuupigia ukucha. "Mkunjo umeangukia wapi?"

"Sudusi."

"Wewe ulikuwa unaukunja wapi?"

"Robo."

"Si unaona? Kioo cha jirani." Hakukosea hata hatua moja. Akamwonyesha kwamba hapo ujanja hausaidii kitu, kwamba hii itabidi avunje juu vipande viwili na kupita njia ndefu ya logi, na aliipita njia hiyo mpaka mwisho, mwandiko umenyooka kama wa zamani.

Akamrudishia daftari.

"Na wenzako wamekosea hivi hivi?"

"Wote, baba."

"Basi usiwacheke. Waambie wasihangaike, Jumatatu nitalirudia."

Koti lilikuwa limetundikwa mlangoni, barua ikichungulia mfukoni. Mama alikuwa kasimama kwenye kizingiti, povu likimdondoka mikononi. Binti aliutazama ule ukanda, akauweka katikati ya daftari, akafunga.

"Nitawaambia," akasema.