Sombe Yangu na Mkosoaji wa Nyawera

Maman Adélaïde, mama yake Hervé, mchumba wangu, alisema waziwazi: hatakanyaga kwetu kuzungumza mahari mpaka nijifunze kufunga mdomo. Nina mdomo, sikatai. Lakini nampenda Hervé, na maneno yale yaliniuma.

Kilichonisaidia, niamini usiamini, ni blogu yangu ya mapishi. Naandika kwa jina la Dada Jiko, na hakuna maoni yanayoonekana kabla sijayaruhusu. Matusi na matangazo ya waganga nafuta. Ukosoaji nauacha, hata ukiwa mchungu.

Siku moja, chini ya pishi langu la sombe, yaani majani ya muhogo, yakaingia haya: "Sombe yako iko chungu. Umetia mawese kabla majani iive. Nani alikufundisha?" Jina: Mupishi wa Kweli. Lakini mimi naona pia anwani ya barua pepe ya anayeandika, na ile naijua. Hervé ndiye aliyemfungulia mama yake, anayeuza mboga soko la Nyawera.

Damu ilinichemka. Niliandika jibu kali, nikalifuta. Nikaandika la pili, kali zaidi. Hilo nalo likafutika. Nilifua nguo zote nyumbani, hata zilizokuwa safi, ndipo nikarudi na kuruhusu maoni yake, na chini yake nikaweka: "Asante, Mupishi. Kuhusu mawese umesema kweli, nimesahihisha. Wewe unachemsha majani muda gani kwanza?"

Alijibu kwa maelezo marefu. Wasomaji wakamvamia kwa maswali: majani machungu yanafanywaje? Karanga zinaingia lini? Niliyahesabu. La uchungu lilirudi mara kumi na moja, kwa hiyo likawa makala yangu iliyofuata, na shukrani kwa Mupishi juu kabisa. Ilisomwa kuliko zote.

Mwezi mzima aliendelea kunichapa, nami nikamjibu kwa adabu huku nacheka peke yangu. Mama mkwe ananifundisha kupika, na hajui!

Jumamosi nilipita mezani kwake sokoni. Akaninyooshea simu.

"Charlène, ule Dada Jiko ameniuliza kama sombe inalala mupaka kesho. Macho yangu inanisumbua. Andika."

"Ndiyo, maman."

Nikaandika alivyosema, nikatuma. Simu yangu ikalia mkobani: kuna maoni yanasubiri ruhusa. Maman Adélaïde akaangalia mkoba.

"Tuma ingine. Andika tu merci."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikatuma. Mkoba ukalia tena.

Alipanga mafungu yake ya lengalenga, ule mchicha, polepole, akimaliza moja ndipo aguse lingine.

"Mwezi muzima nakuchokoza," alisema, "na hukunitukana hata siku moja?"

"Hapana, maman."

"Ambia papa yako, Jumamosi ingine tunafika kuzungumza mahari."

Nilimkumbatia palepale, mbele ya wateja. Yale majibu niliyofuta kabla ya kutuma, tisa kwa hesabu yangu, sikumtajia.