Picha ya Bibi Kipofu Mwenye Mwavuli

Sipendi mteja anayenishikia kipanya, na Harithi alikuwa anakishika kila dakika. Mwaka 2007 mimi, Getruda, nilikuwa na kompyuta tatu za intaneti pale Nachingwea sokoni, na mtandao wenyewe ulikuwa wa kuvizia.

"Dada Getruda, nisaidie. Moza kasema atanijibu nikimletea mwisho wa ile picha."

Moza ni fundi cherehani wa Ruangwa. Mwaka 1999 yeye na Harithi waliitazama picha hiyo kwenye kibanda cha video, jenereta likazima kabla ya mwisho, na kesho yake mashine ikaitafuna kanda. Jina hakuna aliyelijua. Sasa Harithi anataka kumuoa, na Moza anataka mwisho.

Alikuwa ameshapekua picha za ngumi za Hong Kong, kurasa na kurasa, hadi macho yakamuuma. Nikamfungulia tovuti ya filamu, ukurasa wa utafutaji wa kina, ambapo unachanganya mwaka, nchi na maneno ambayo watazamaji wameibandikia picha. Kila neno unaloongeza linapunguza majibu, maana picha lazima iwe nayo yote.

"Taja maneno."

"Kipofu. Mchumba. Kisasi."

Nikayaandika kwa Kiingereza. Jibu: hakuna.

"Huyo mchumba ulimwona, au ulisikia?"

Akainamisha kichwa. "Nilisema. Mtafsiri wa kibanda nilikuwa mimi. Kichina nilikuwa sijui, dada, nilikuwa natunga tu."

Nilicheka hadi nikafuta machozi. Kumbe siku nzima tunatafuta uongo wake mwenyewe!

"Mpigie Moza. Akwambie alichoona, siyo ulichosema."

Moza akataja: bibi kipofu, mwavuli, stesheni ya treni, mbuzi. Nikafuta aina ya picha, nikafuta na nchi, maana hata Uchina aliutunga yeye. Mwaka nikaweka mwisho 1999. Hakuna. Nikamtoa mbuzi, kwani huenda hakuna aliyejisumbua kumbandika. Zikatokea chache, tukasoma muhtasari wa kila moja, na ya tatu ndiyo yenyewe. Ni ya Korea, tena wala si ya ngumi.

Harithi akanyong'onyea. "Kumbe bibi anamngojea kaka yake. Hakuna mchumba. Moza ataniacha."

Binamu yangu aliyeko Kariakoo akaipata kwa jina na mwaka, na Jumamosi moja tukakaa watatu chumbani kwa Moza, Ruangwa. Kaka akashuka kwenye treni, bibi akakunja mwavuli, basi. Harithi akakiri yote.

Moza akamkabidhi rimoti.

"Hadithi yako ilikuwa nzuri kuliko hii," akasema. "Rudisha nyuma. Zima sauti. Tafsiri."

Harithi akakohoa. Mtu akashuka kwenye treni. "Huyu ndiye mchumba wake," akaanza. "Amechelewa miaka minane. Anamuuliza kama bado anamtaka."

Pale kwenye skrini bibi akakunja mwavuli, akashika mkono ulionyooshwa.

"Na bibi anasemaje?" nikauliza, maana Harithi alikuwa amekwama.

"Hapo natafsiri mimi," akasema Moza. "Anasema ndiyo."